Dramu Iliyoanikwa Juani

Mikono ya Bishara haikujua kutulia. Miaka yote aliyoishi malishoni, upande wa Bangale, mikono hiyo ilikamua, ilifunga ndama, ilisuka mikeka, ilijenga na kubomoa nyumba kila familia ilipohama kufuata majani. Kisha mumewe Duba akafariki. Mvua nazo zikakatika msimu baada ya msimu, na ng'ombe wakaanguka mmoja mmoja mpaka wakabaki watatu, ambao waliuzwa wakiwa ngozi na mifupa. Bishara akapanda gari kwenda Garsen kukaa na binti yake Hamdi. Alikuja na mkeka, nguo zake na vibuyu vinne vya maziwa.

Hamdi alikuwa na saiba karibu na barabara kuu: chumba kimoja cha mbele chenye kompyuta mbili na printa moja kubwa, stoo ndogo nyuma, na ua wenye ukuta wa mabati. Watu walikuja kujaza fomu za serikali, kutoa nakala za vitambulisho, kuandikisha barua. Asubuhi mama na binti walifuatana dukani, kwa sababu Hamdi hakupenda kumwacha mama yake peke yake nyumbani akitazama ukuta. Lakini dukani nako Bishara hakuwa na la kufanya. Hakujua kusoma. Kila aliponyoosha mkono kushika kitu, Hamdi alimwambia kwa upole kwamba hicho kina waya, au hicho ni cha mteja. Kwa hiyo alifagia. Alipomaliza kufagia alivitoa vibuyu vyake, akavisugua, akavifukiza kwa vijiti vya moto, akavianika uani juani, ingawa hapakuwa na tone la maziwa la kutia ndani. Hamdi aliona, akarudi kwa wateja wake.

Muhula ule Hamdi alipata kazi ambayo hakuwa amewahi kuipata. Shule moja ya msingi iliyo ng'ambo ya mto ilimpa mitihani yote ya mwisho wa muhula aichape, madarasa sita, kila mtoto na karatasi yake. Awali mitihani hiyo ilikuwa ikichapwa Malindi. Mwalimu aliyeshughulikia mitihani, Caleb, ndiye aliyemsemea kwa mwalimu mkuu, akisema kwamba binti wa hapa hapa anaweza kuifanya, na ikienda vizuri, shule nyingine mbili zitamfuata. Mtihani ulikuwa uanze Jumatatu. Caleb angepitia Jumamosi saa kumi jioni kuchukua maboksi.

Alhamisi, printa ikaanza kutoa karatasi zenye maandishi yanayofutika kwa kidole. Fundi Jotham akaitwa. Jotham alikuwa kijana wa Ngao, mpole, mwenye maneno ya utani yasiyoisha, na kibanda chake cha kutengeneza simu na mashine kilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alifungua mashine, akasema kinachoumwa ni fyuza, ile sehemu ya joto, akaichomoa aende nayo kibandani kwake kubadilisha utando wake uliochanika. Ili kuifikia ilimlazimu kutoa na dramu pia, bomba jembamba linalong'aa rangi ya kijani kibichi, lililokaa ndani ya fremu yake ya plastiki. Akaomba kitambaa cheusi. Hamdi akachukua shela yake ya akiba kwenye msumari. Jotham akaifunga dramu mara tatu kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya rafu ya stoo.

"Hii isifunguliwe mpaka nirudi," alimwambia Hamdi. "Haipendi mwanga."

Bishara hakuwapo. Alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri.

Ijumaa ilipita Jotham akisubiri utando wa fyuza uletwe na basi. Jumamosi asubuhi Hamdi alikuwa mbele, na wateja watatu wakimgombania. Bishara alikuwa stoo akipanga rimu za karatasi, ndipo alipoiona shela ya binti yake, shela nzuri ya kuvaa sikukuu, imekunjwakunjwa juu ya rafu na imepakaa masizi. Akaiteremsha aende kuifua. Ndani yake akakuta kitu cha plastiki chenye bomba la kijani, na bomba lote limefunikwa vumbi jeusi, laini kuliko majivu.

Alikitazama. Akawaza kwamba huyu kijana wa Ngao ametengeneza mashine ya watu akaacha uchafu wake. Alichukua kitambaa kikavu cha pamba, kile anachofutia midomo ya vibuyu, akalifuta bomba lile taratibu, akilizungusha kwa kidole kimoja pembeni, mpaka likang'aa akauona uso wake ndani yake. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote kwa chombo kilichosafishwa. Alikipeleka uani, akakilaza mkekani katikati ya vibuyu vyake, bomba likitazama juu, jua likipige. Ilikuwa saa tatu. Alikusudia kukigeuza baadaye ili upande wa pili nao upate. Lakini Hamdi akamtuma maji, na kwenye foleni ya maji akakutana na mwanamke wa kwao, wakaulizana habari za nyumbani. Aliporudi ilikuwa karibu saa sita. Shela aliyoifua ilikuwa imekauka. Alikifunga kile kitu ndani ya shela safi, vizuri kuliko kilivyokuwa, akakirudisha juu ya rafu. Alijisikia vizuri. Alingoja Hamdi aone mwenyewe.

Jotham alifika saa saba na fyuza mkononi.

"Mama Hamdi, habari za ng'ombe?" alimsalimia.

"Ng'ombe wamekwisha. Habari za ndizi?"

"Ndizi zimeliwa na ng'ombe wenu kabla hawajakwisha."

Bishara akacheka. Ulikuwa utani wa siku zote baina yao, watu wa mifugo na watu wa mashamba, na kwa kijana huyu haukuuma. Jotham akairudisha fyuza, akaichomeka dramu bila kuikagua, akawasha mashine. Ikanguruma, ikapata moto. Hamdi akaamuru karatasi ya kwanza ya darasa la nne.

Karatasi ikatoka na mikanda mitatu mipana, myeusi kama mkaa, iliyokatisha ukurasa kutoka kushoto hadi kulia. Kati ya mkanda na mkanda maandishi yalikuwa safi kabisa. Ndani ya mikanda hapakuwa na swali wala jibu.

Hamdi alitazama saa ya ukutani.

Jotham akaanza kutoka jasho. Aliyeigusa mashine mara ya mwisho ni yeye, na mji ni mdogo. Akasema kwanza ajue kosa ni la nani, la fyuza yake au la dramu. Akaamuru karatasi nyingine, na ilipofika katikati ya safari yake akafungua mlango wa mbele kwa ghafla. Mashine ikasimama. Akaivuta karatasi kwa ncha za vidole, akaiweka mezani. Mikanda ilikuwepo tayari, na maandishi yalikuwepo. Jotham akapuliza kwenye kona moja. Herufi zikaruka zikawa vumbi hewani.

Bishara alisogea. Hakuwahi kuona maandishi yakipeperuka.

"Hii haijafika kwenye moto," Jotham alimwambia Hamdi. "Unga umeshika karatasi tu, haujayeyuka. Na weusi umeshaingia. Kwa hiyo si fyuza."

Kisha akaitazama mikanda. Alipima kwa uzi umbali wa kutoka mkanda mmoja hadi unaofuata. Akaitoa dramu, akauzungusha uzi ule ule kwenye bomba la kijani mara moja. Uzi ukatosha bila kuzidi wala kupungua. Bomba lilikuwa likizunguka mara tatu na zaidi kidogo katika ukurasa mmoja, na kila likizunguka, ubavu wake ule ule ulikuwa ukiacha weusi.

"Imepigwa na mwanga upande mmoja," alisema polepole. "Mwanga mkali sana. Kuna mtu aliifungua?"

Hamdi alisema hakuna. Alisema ufunguo wa stoo anao yeye, na kitambaa kiko vile vile. Kisha akakitazama kitambaa. Kilikuwa kisafi, na kilinukia sabuni.

"Ni mimi," Bishara alisema. "Niliifuta, nikaianika uani na vibuyu."

Alisema kwa lugha ya nyumbani, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Jotham asikie. Hamdi aliinamisha kichwa, akaweka viganja viwili juu ya meza kama mtu anayezuia meza isiondoke. Bishara alingoja agombezwe. Angependa kugombezwa. Binti yake akanyanyuka, akaenda mlangoni, akasimama akiwapa mgongo.

Jotham alipiga simu Malindi. Dramu ya aina ile hawakuwa nayo. Akapiga Mombasa, wakasema ipo, wataipakia kwenye basi la kesho. Kesho ilikuwa Jumapili, ingefika jioni, na mtihani wa kwanza ulikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, ng'ambo ya mto, karatasi zikiwa bado hazijachapwa wala kubanwa pini. Hamdi aliyasikia yote bila kugeuka.

"Hapa jirani?" Jotham aliuliza.

"Printa ya jirani ni ya wino wa maji, kwa karatasi zote hizi itakufa," Hamdi alijibu. "Na watoto wake wawili wanasoma shule ile ile. Mtihani siupeleki kwake."

Palibaki jambo moja tu, na Jotham alilisema bila kulitia chumvi. Dramu iliyopigwa na mwanga, ikiwekwa gizani, wakati mwingine hurudi. Huchukua saa, huchukua siku, na nyingine hairudi kabisa. Akaifunga upya, akaitia ndani ya boksi la karatasi, akaziba mianya kwa utepe, akaliweka boksi chini kabisa stoo. Bishara akaingia humo, akaketi chini kando ya boksi, akaurudisha mlango nyuma yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Baada ya muda Jotham alibisha, akaingia, akachuchumaa karibu naye. Huko mbele Hamdi alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Nieleze nilichoua," Bishara alisema.

"Hukuua, mama."

"Nieleze hivyo hivyo."

Jotham akachomoa kitana cha plastiki mfukoni, akakisugua kwa nguvu kwenye nywele zake, akakipeleka juu ya vipande vidogo vya karatasi vilivyokuwa sakafuni. Vipande vikaruka vikakishika kitana. Akamuuliza kama hajawahi kuvua mtandio wa poliesta siku ya joto kavu, ukamshika nywele na kutoa sauti ya kupasuka. Bishara alisema anaijua hali hiyo. Basi, Jotham akasema, huo ndio umeme usiotembea. Hauendi kwenye waya, unakaa tu juu ya kitu, ukingoja.

Ndani ya printa, akaeleza, kuna kijiti kinachopitia juu ya bomba lile la kijani na kulipaka umeme huo kila mahali sawasawa. Ngozi ya bomba ina tabia yake: gizani huushikilia umeme, na palipopigwa na mwanga huuachia. Ndiyo maana mashine imefungwa pande zote. Kisha leza, ambayo ni mwanga mwembamba kama ncha ya sindano, hupita juu ya bomba mstari kwa mstari ikiwaka na kuzimika, na kila inapogusa, umeme wa pale unatoka. Hiyo ndiyo kalamu yenyewe. Inaandika kwa kuondoa.

"Na ule unga?"

"Tona. Ni plastiki iliyosagwa pamoja na rangi. Nayo imetiwa umeme, wa aina ile ile ya bomba. Sasa wewe umefuga. Ukitia dume mgeni zizini, na dume mwenye zizi amesimama langoni, itakuwaje?"

"Atafukuzwa."

"Na palipo na pengo, mwenyewe kaondoka?"

"Ataingia."

"Basi unga hauingii penye umeme, unasukumwa. Unaingia pale tu leza ilipofungua, yaani penye herufi. Karatasi inapita chini, nayo imetiwa umeme wa kinyume kwa nyuma, inauvuta unga kutoka kwenye bomba. Lakini umeshika kama vumbi tu, umeona nilivyopuliza. Ndipo karatasi inapita kati ya roli mbili za fyuza, moja ya moto mkali, nyingine ya kugandamiza. Plastiki inayeyuka, inaingia kwenye nyuzi za karatasi, inaganda. Haitoki tena."

Bishara alilipitia jambo lile toka mwanzo, kama mtu anayehesabu mifugo inaporudi.

"Na jua," alisema hatimaye, "lilifungua lango lote."

"Upande uliotazama juu. Pale umeme haukai tena. Kijiti kikipaka, unavuja. Unga ukifika unakuta kote pengo, unaingia wote."

"Nilitaka kukigeuza," Bishara alisema. "Nilichelewa kwenye maji."

Jotham alisema afadhali hakukigeuza, angalau upande mmoja umepona. Alikusudia kumfariji. Bishara aliuliza kama upande uliopona unaweza kutumika peke yake.

Jotham alimtazama, kisha akatoka mbio kidogo kwenda mbele. Hamdi alilielewa wazo hilo mara moja. Kama mikanda inaangukia mahali pamoja, anaweza kuyasogeza maswali, ayaweke penye weupe tu, hata kama karatasi zitakuwa mara mbili. Ilikuwa saa tisa kasoro. Wakaitoa dramu gizani, wakaichomeka. Hamdi alifanya kazi kwa haraka ambayo Bishara hakuwahi kuiona, vidole vikikimbia, maswali yakipanda na kushuka kwenye kioo. Karatasi ya kwanza ikatoka. Mkanda uliangukia swali la pili. Akasogeza, akachapa tena. Sasa mkanda ulikuwa juu zaidi, kwenye jina la shule. Kwenye ya tatu ulishuka tena. Bomba halikuanza kuzunguka kutoka mahali pale pale kila mara, na hakuna aliyeweza kuliamuru.

Hata hivyo mikanda ilikuwa imepungua weusi. Mkaa ulikuwa umekuwa moshi. Ukiiweka karatasi dirishani na kukaza macho, ungeweza kusoma baadhi ya maneno ndani ya weusi. Hamdi aliinua moja, akaishusha, akasema mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukaza macho hivyo. Wakairudisha dramu kwenye boksi. Bishara akarudi kukaa kando yake. Aliweka kiganja juu ya boksi, kisha akakiondoa, asije akaharibu na hilo.

Caleb alifika saa kumi kamili na pikipiki ya kubebea maboksi. Hamdi alimwonyesha karatasi, akamweleza kwamba dramu imeharibika, nyingine inakuja kesho jioni, na kwamba anaweza kuchapa usiku kucha wa Jumapili. Hakutaja aliyeiharibu. Caleb alizitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alisema kivuko cha mtumbwi huko kwao hakivushi mtu alfajiri na mapema, na karatasi lazima zilale shuleni Jumapili. Alisema mwalimu mkuu alimwuliza mara mbili kama ana hakika.

Mlango wa stoo ukafunguka. Bishara alitoka na kitambaa chake cha pamba mkononi, akasimama mbele ya mwalimu.

"Mwalimu, mtoto hana kosa. Kitu chake nilikianika juani mimi. Mimi sijui mambo haya. Usimhukumu yeye."

Caleb alimwamkia kwa heshima, akasema pole sana, mama. Alisema yeye mwenyewe angemsubiri Hamdi hata wiki. Kisha akamwomba Hamdi flashi yenye mitihani. Gari la mwisho la Malindi lilikuwa likijaza abiria, na huko kuna duka linalofunga saa tatu usiku. Hamdi akaichomoa flashi kwenye kompyuta, akampa. Aliuliza kuhusu muhula ujao. Caleb alivaa kofia yake, akasema ataongea na mkuu, lakini hakumtazama usoni aliposema hivyo, na wote wanne walielewa.

Jotham alikusanya bisibisi zake. Alisema kazi ya fyuza wataongea siku nyingine. Alipofika kwa Bishara alitafuta utani, hakuupata, akamwambia tu alale salama.

Saa kumi na mbili kasoro Hamdi aliitoa dramu kwa mara ya mwisho, akachapa ukurasa mmoja. Mikanda ilikuwa kivuli cha kijivu, na kila swali lilisomeka kama ukilisogelea. Aliushika ukurasa huo mkononi ukiwa bado na joto. Ungefaa saa kumi, kwa kubembelezana. Kisha akakusanya kurasa zote zilizoharibika na kuanza kuzichana vipande vidogo, kwa kuwa mtihani wa watu hautupwi ukiwa mzima. Bishara akachukua fungu moja akachana naye. Walichana, vipande vikajaa ndoo.

"Mpigie mjomba wako Abdinur," Bishara alisema. "Aje anichukue nirudi Bangale."

"Ukafanye nini huko?"

"Huko najua vitu."

Hamdi aliacha kuchana.

"Mama, huko hakuna ng'ombe hata mmoja. Mjomba mwenyewe anaishi kwa chakula cha msaada. Utajua nini?"

Haikusemwa kwa ukali. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Bishara aliona kwamba binti yake anangoja jibu kwa dhati, kana kwamba angefurahi kulisikia. Akachukua ukurasa mwingine. Aliusugua kwanza kwa kidole gumba, pale penye weusi mzito kabisa, akaukandamiza, akausugua tena. Kidole kilibaki kisafi. Akauchana katikati, akavichana na vile vipande viwili, akavitia ndooni.